Dinoiza inapokula kivuli: sampo ngapi zinatosha?

Kwa nyie mnaoanza kurenda na Cycles ya Blender, kuna kitu kimoja kilinichukua muda mrefu sana kukielewa na ningependa mkijue mapema. Dinoiza, yaani programu inayofuta chenga kwenye picha, haisafishi picha nzima kwa kiwango kimoja. Ndani ya picha hiyohiyo kuna sehemu sampo 64 zinatosha kabisa, na kuna sehemu hata 256 bado ni chache, na usipojua sehemu ipi ni ipi utakua unaongeza sampo kwa kubahatisha tu huku mashine inaunguruma usiku kucha.

Tuanzie kwenye chenga zenyewe. Kila pikseli inarusha miale, mmoja kwa kila sampo, na kila mwale ukigonga kitu unachagua pa kuelekea kwa bahati nasibu, halafu rangi ya pikseli ni wastani wa yote ilokusanywa. Miale ikiwa michache wastani unayumba, pikseli hii inatoka na mwanga mwingi na jirani yake inatoka giza, ndo chenga hizo. Ubaya ni kwamba ukitaka zipungue nusu inabidi sampo uzizidishe mara 4. Kutoka 64 kwenda 256 umelipa muda mara 4 na chenga zimebaki nusu, ukienda 1024 umelipa mara 16 na bado robo ya zile za mwanzo zipo. Hapo ndo watu wote tunakimbilia dinoiza.

Sasa dinoiza kama OpenImageDenoise ni mtandao wa nyuroni uliofunzwa kwa kuoneshwa picha zenye chenga pamoja na zilezile zikiwa safi, mpaka ukajifunza kukisia picha safi inafananaje. Na haikisii hewani, inapewa picha mbili za msaada: albedo, yaani rangi halisi ya kitu bila mwanga wala kivuli, na nomali, yaani uso wa kitu umeelekea wapi. Hizi mbili hua safi mapema sana kwa sababu hazisubiri mwanga uzunguke chumba kizima. Kwa hiyo mpaka wowote unaoonekana kwenye albedo au nomali dinoiza inauheshimu, inajua huu ni mpaka wa kweli. Ila mpaka ambao umetengenezwa na mwanga peke yake, kama kivuli, hauonekani kwenye picha zote mbili, na hapo inabaki na pikseli zenye chenga tu za kuamulia.

Nilikua na sini ya chumba: zulia lenye maua madogo sakafuni, ukuta uliopakwa rangi moja, na dirisha lenye wavu ambapo jua linapita na kuchora kivuli cha wavu ukutani. Nikarenda kwa sampo 64, sekunde kama 40 hivi, dinoiza ikiwa imewashwa. Zulia likatoka safi mpaka nikashangaa, kila ua lipo. Ukuta nao ulikua laini, mzuri, ila kivuli cha wavu hakipo, pamebaki doa la mwanga lenye ukungu. Mara ya kwanza nilidhani wavu wenyewe nimeuzima kwenye sini, nikapoteza muda kutafuta kosa lisilokuwepo. Kumbe albedo ya ukuta ni rangi moja tupu na nomali yake ni moja tupu, dinoiza ilipoona vimistari hafifu katikati ya chenga ikaona navyo ni chenga, ikafuta.

Hatari yake ndo hiyo: ikikosea haikuachii alama. Picha yenye chenga inakwambia wazi kwamba haijaiva, lakini iliyosafishwa vibaya inaonekana imekamilika, na kama hukuijua sini hutagundua kilichopotea.

Njia ninayoitumia kugundua ni hii. Nenda View Layer, kwenye passes weka tiki `Denoising Data`, utapata `Noisy Image` kwenye Compositor, yaani picha kabla haijasafishwa. Itoe picha safi kutoka kwenye hiyo, jumlisha 0.5 ili sifuri ionekane kijivu, halafu tia blur ndogo, yaani ukungu, ya pikseli 2 au 3. Blur ni muhimu, usiiruke, maana chenga zina nguvu tofauti kwenye mwanga na gizani kwa hiyo bila blur utaona maumbo ya vitu hata kama hakuna kilicholiwa. Baada ya blur chenga za kweli zinafutana zenyewe na unabaki na kijivu chenye mabakamabaka yasiyo na umbo. Ukiona mchoro unaoutambua, basi dinoiza imekula kitu. Kwangu zulia lilikua kijivu tupu, ila ukutani wavu mzima ulikua umekaa pale, mstari kwa mstari.

Nikapanda 256, vimistari vikaanza kurudi ila vimekatikakatika. Nikapanda tena, na hapa kuna mtego unaowakamata wengi: niliongeza `Max Samples` kutoka 256 mpaka 1024 nikategemea dakika kumi na kitu, renda ikaisha kwa dakika 3 na ukuta uko vilevile. Sababu ni `Noise Threshold`. Ikiwashwa, Cycles inapima kila eneo na likionekana limetulia vya kutosha inaacha kulirushia miale, na mimi nilikua nimeipandisha mpaka 0.1 nikiwa natafuta spidi. Kwa hiyo ile 1024 ilikua dari tu, ukuta haukuifikia hata kidogo. Niliporudisha 0.01, ambayo ndo inakuja nayo kwenye renda ya mwisho, muda ukapanda mpaka dakika 10 hivi na kivuli cha wavu kikatoka kamili, na kwenye ile picha ya kijivu mchoro ukapotea. Kwa hiyo ukiona umeongeza sampo na muda haujabadilika, usiilaumu dinoiza kwanza, angalia hiyo namba.

Ila kurenda fremu nzima kwa dakika 10 kisa ukuta mmoja ni hasara, zulia lilikua limeshaiva kwenye 64. Kwa picha moja isiyo ya mwendo mi sa hivi narenda yote kwa sampo chache kwanza, halafu nabonyeza `Ctrl+B` nikiwa kwenye kamera, nachora boksi kwenye sehemu ya kivuli na kurenda hiyo tu kwa sampo nyingi, kisha naziunganisha kwa `Alpha Over`. Boksi liache lizidi kidogo eneo unalolitaka na kingo zake uzififishe, la sivyo utaona mstari wa kiungio. Na zote mbili zihifadhi kama OpenEXR, ukitumia JPEG umeshabana thamani za mwanga kabla hujaunganisha.

Kuna hali moja picha za msaada zenyewe zinakua na chenga, nayo ni ukitumia ukungu wa lenzi au wa mwendo. Pale kingo kwenye albedo zinatawanyika, dinoiza ikiziamini inakuachia vidotidoti kwenye picha. Hapo weka `Prefilter` iwe `Accurate` ili izisafishe kwanza kabla ya kuzitumia.

Animesheni nayo inadai zaidi, maana kila fremu inakisiwa peke yake na ule ukuta utakua unachezacheza kama maji yanayochemka, hata kama fremu mojamoja ukiisimamisha inaonekana safi. Renda fremu 10 zinazofuatana uzicheze, kabla hujaachia mia tatu.