Asiache dawa kwa sababu ALT imeshuka

*"Wakuu, mke wangu ana homa ya ini ya kingamwili, ANA na ASMA zilitoka chanya. Ametumia prednisoloni na azathioprini miezi mitano, ALT imeshuka hadi 34. Uso umemvimba, anataka kuacha na kuanza dawa ya mizizi. Halafu AMA inapima nini?"*

Asiache. Huo mzizi uondoe nyumbani leo hii, kisha usome kilichonipata mimi.

Nilianza kama shemeji. Uchovu, macho ya njano, nikatibiwa malaria mara mbili na taifodi mara moja. Mtaani wakaniuliza kama napaka binzari machoni, nikacheka nao maana kilio kilikuwa karibu. Homa ya ini B na C hakuna, lakini ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia, ilikuwa 640. Daktari wa ini ndiye aliyeagiza vipimo vya kingamwili: ANA 1:320, ASMA 1:160, na IgG, aina ya kingamwili inayopanda ugonjwa huu ukiwaka, 28 wakati kwenye maabara ile mwisho wa kawaida ni 16. Bado hakuridhika, kwa kuwa ANA huonekana hata kwa mtu ambaye ini lake ni zima. Akachukua kipande cha ini kwa sindano, ndipo ikaonekana kinga ya mwili wangu inalishambulia ini lenyewe.

Nikaanzishiwa prednisoloni 40 mg, ikawa inashushwa polepole hadi 7.5, pamoja na azathioprini 100 mg. Mwezi wa nane wa matibabu ALT ikawa 31. Nikaionyesha karatasi kwa bwana mmoja wa duka la dawa mtaani kwetu. Akaniambia nimepona, kwamba hizo dawa zitaniua figo, akaniuzia chupa mbili za mitishamba "ya kusafisha ini". Mpaka leo nikipita pale moyo unanichemka. Mtu hajui hata IgG ni nini, anamwambia mgonjwa amepona!

Niliacha zote siku moja. Wiki ya kwanza nikawa nalegea, natapika, nikisimama naona giza. Ukitumia prednisoloni kwa miezi, tezi zilizo juu ya figo hulala, haziendelei kutengeneza homoni yake. Ukiikata ghafla, mwili unabaki mtupu, na mtu anaweza kufa kwa hilo tu kabla ini halijaanza kusumbua. Mimi nikadhani ni sumu inatoka, maana ndivyo nilivyoambiwa.

Mwezi wa tatu tangu niache, macho yakarudi njano. ALT 910, damu inachelewa kuganda, miguu imejaa maji. Nililazwa siku kumi na tisa. Huenda ile chupa nayo ilichangia, maana mitishamba mingine huumiza ini yenyewe. Kipande cha pili cha ini kilionyesha makovu ambayo cha kwanza hakikuwa nayo.

Sasa sikiliza hapa. Daktari alirudi kwenye faili akakuta IgG yangu ya mwisho kabla ya kuacha ilikuwa 21. Mara mbili baada ya hapo nilikwepa kuipima ili kuokoa hela. ALT ilisema moto umezimika, IgG ilisema makaa bado yapo chini ya majivu. Ugonjwa huhesabiwa umetulia pale ALT na IgG zote mbili zinapokuwa kawaida. Hata hapo, daktari hafikirii kusimamisha dawa mpaka zikae hivyo angalau miaka miwili mfululizo, na bado wengi wanaoacha ugonjwa huwarudia. Miezi mitano ni mapema mno.

Uso kuvimba ni prednisoloni, najua unavyoumiza mwanamke akijitazama kwenye kioo. Amweleze daktari. Kazi ya azathioprini ni hiyo hasa, kubeba mzigo ili prednisoloni ishushwe, kwa mpango, miligramu chache chache. Nayo inataka picha kamili ya damu mara kwa mara, kwa sababu hushusha chembe nyeupe.

AMA ni ya ugonjwa mwingine, ule wa mirija midogo ya nyongo ndani ya ini. Ikiwa chanya na ALP, kimeng'enya kinachopanda mirija ya nyongo ikiumia, iko juu kwa muda mrefu, huo ndio unaowindwa, na dawa yake ni asidi ya ursodeoksikoli, 13 hadi 15 mg kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa kawaida maisha yote. Wapo wenye magonjwa yote mawili, kwa hiyo tazama ALP yake pia.

Mimi ni mwaka wa nne sasa, azathioprini 100 mg na prednisoloni 5 mg kila asubuhi baada ya uji. Tafuta karatasi ya kwanza kabisa ya shemeji na ya mwisho, uandike hapa IgG zake zote mbili. Kama ya mwisho haipo, kesho akapimwe, na leo jioni ameze dawa zake kama kawaida.