Umeona 570 kwenye akaunti ya IRS? Usiguse 1040-X

"Wakuu, nilituma ritani yangu ya kodi ya Marekani kwa IRS kwa mtandao na siku 21 zimeshapita. Kwenye ukurasa wa kufuatilia marejesho, Where's My Refund?, vile vihatua vitatu vimepotea. Kwenye akaunti naona salio lina alama ya kutoa, halafu kuna 570 na 971. Aliyenijazia anasema tutume ritani ya marekebisho, 1040-X, ili kuisukuma, nisaini leo. Niendelee? Na naweza kubadilisha akaunti ya benki? Marejesho ya jimbo nayo yatakwama?"

Mkuu, usisaini. Weka simu chini, funga hiyo barua pepe aliyokutumia, kisha rudi hapa usome. Hiyo "tuisukume" nimeisikia neno kwa neno, kutoka kwa mtu mwenye ofisi, kompyuta mbili na cheti ukutani. Nikasaini. Pesa ambayo ilikuwa imebakiza wiki chache initoke ikaenda kukaa kwenye foleni nyingine kabisa, na yeye ada yake alishaichukua mapema. Ada ya kwanza kwa ritani, ya pili kwa marekebisho. Kumbe kilichosukumwa ni pochi yangu.

Tuanze na unachokiona, maana hofu yako yote imetoka hapo. Ile taarifa inaitwa Account Transcript, ipo ndani ya akaunti yako ya IRS. Yangu, ya mwaka wa kodi 2023, ilikuwa hivi:

```
150  Tax return filed                               $2,410.00
806  W-2 or 1099 withholding          04-15-2024   -$5,550.00
570  Additional account action pending 03-11-2024       $0.00
971  Notice issued                    03-18-2024        $0.00
```

Mstari wa 150 unasema ritani imeshaingia kwenye mfumo na kodi yangu ya mwaka mzima ni dola 2,410. Mstari wa 806 ni ile kodi mwajiri aliyokuwa akinikata kila mshahara, jumla dola 5,550. Toa moja kwenye nyingine, nimelipa zaidi kwa dola 3,140. Juu ya ukurasa salio likaandikwa -3,140. Alama ya kutoa kwenye karatasi hii maana yake wao ndio wanaodaiwa na wewe. Najua inatisha, mimi mwenyewe nilidhani nimefilisika. Salio lisilo na alama hiyo ndilo la kukukosesha usingizi.

Na kabla hujaanza kuhesabu siku, ile tarehe ya Aprili 15 kwenye 806 haihusiani na malipo. Kodi ya mshahara huandikwa kwa tarehe hiyo ya mwisho wa msimu hata kama ulikatwa tangu Januari. Kuna watu wanaizungushia duara kwenye kalenda wakisubiri pesa. Tarehe ya malipo ni moja tu, ile inayokaa mbele ya 846, Refund issued. Kama 846 haipo, hakuna tarehe, hata mtu akuapie.

Sasa hiyo 570. Ni zuio. Mfumo umeshaipokea ritani, umeshapiga hesabu, halafu ukasema subiri kwanza, kuna kitu hakijathibitishwa. Sifuri iliyo mbele yake inaonyesha kwamba hawajakupunguzia wala kukuongezea chochote. 971 maana yake kuna barua imetolewa kwako. Hapo ndipo jibu lako lilipo, na hapo ndipo mjazaji wangu hakutaka hata kutazama. Nilimwambia kuna barua inakuja, akanijibu, "Hizo barua ni za kompyuta, wewe tutume marekebisho, mtu ataifungua na pesa itatoka." Alilisema kwa sauti ya mtu aliyekunywa chai na mkurugenzi wa IRS asubuhi ile.

Barua yenyewe ilikuja baada ya mimi kusaini. Ilikuwa CP05. Ukiisoma kwa utulivu inasema hivi: tunakagua mapato yako, kodi uliyokatwa na nafuu ulizodai, huhitaji kufanya chochote, tupe siku 60 tangu tarehe ya barua hii. Huhitaji kufanya chochote! Na mimi nilikuwa nimeshalipia kufanya kitu.

Sikia kinachotokea ukituma 1040-X wakati ritani ya kwanza bado imezuiwa. Kwenye taarifa yako unaongezeka mstari wa 977, Amended return filed. Mstari huo peke yake unaifunga akaunti isitoe marejesho mpaka mtumishi aikalie ile 1040-X aone umebadilisha nini. Kwa hiyo sasa una kufuli mbili. La kwanza, 570, lingefunguliwa na mfumo wenyewe mara tu takwimu zikilingana. La pili linahitaji binadamu, na wale binadamu wana rundo lao. IRS wenyewe wanasema 1040-X huchukua wiki 8 hadi 12, na nyingine hufika 16. Inaweza kupita hadi wiki 3 kabla hata haijaonekana kwenye Where's My Amended Return?, ambacho ni chombo tofauti na kile unachokiangalia wewe. Mimi nilikuwa nachungulia chombo kisicho sahihi kila usiku, na hata kilicho sahihi hubadilika mara moja tu kwa siku.

Kituko zaidi, ile 1040-X yangu haikubadilisha hata dola moja. Tarakimu zilezile, nakala ya ritani ya kwanza, na maelezo ya sababu yakaandikwa kitu kama "kuthibitisha". Mtumishi wa watu alifungua faili akitafuta kosa ambalo halipo. Sijui alinifikiriaje, ila naamini hakunitakia heri.

Ukiniuliza kwa nini ilizuiwa tangu mwanzo, sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Mwajiri anatakiwa kupeleka W-2, fomu za mishahara aliyolipa na kodi aliyokata, kwa Social Security Administration kufikia Januari 31, na taarifa hizo ndizo IRS wanazolinganisha na ulichoandika. Wewe unasema umekatwa 5,550. Wao wanataka waone mwajiri naye amesema 5,550. Zamani watu walikuwa wakijaza kodi hewa iliyokatwa na kampuni hewa, wanalipwa, wanapotea. Ndiyo maana siku hizi pesa hukaa mpaka pande mbili zifanane. Mwajiri akichelewa, au akikosea na kupeleka W-2c ya masahihisho, ritani yako iliyo safi itakaa pale ikimsubiri yeye. Kwangu ilikuwa hivyo hasa. Mwajiri alirekebisha taarifa zake, na uzuri wa mambo ni kwamba zuio la 570 lilifunguliwa kwa mstari wa 571 ndani ya muda uleule uliotajwa kwenye barua. Nikafurahi. Nikasubiri 846 itokee wiki inayofuata. Haikutokea, kwa sababu 977 ilikuwa imekaa mlangoni. Siku niliyoelewa hilo ndiyo siku niliyoacha kupokea simu za mjazaji.

Hizo siku 21 nazo usizishike kama ahadi. Ni muda wa ritani nyingi zilizotumwa kwa mtandao zisizo na tatizo. Ukishaona 570 umetoka kwenye hesabu hiyo, na vihatua vitatu kwenye Where's My Refund? kupotea ni kawaida tu, ukurasa unakuwa hauna tena cha kukuahidi. Haimaanishi umekataliwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaikariri mpaka mods wanifungie: usitume ritani ya pili wakati ya kwanza haijamalizika. Kumalizika ni kuona 846 na pesa kukufikia, au barua inayokuambia wazi kwamba imebadilishwa au imekataliwa. Hata kama umegundua kweli ulisahau kitu na unastahili kurudishiwa zaidi, IRS wenyewe wanashauri upokee kwanza marejesho ya awali ndipo utume 1040-X. Ulichosahau kikiwa kinakuongezea kodi, hayo ni mazungumzo mengine, huko riba inatembea na hupaswi kukaa kimya. Ila kwa maelezo yako hujasema umekosea popote. Huna cha kurekebisha! Unataka kurekebisha subira?

Leo fanya hivi. Ingia kwenye akaunti yako, nenda sehemu ya Notices and Letters, angalia kama barua ya 971 imeshawekwa huko, maana nyingi huonekana pale kabla posta haijafika. Angalia namba iliyo kwenye kona. Ikiwa CP05, kaa chini, hesabu siku 60 tangu tarehe ya barua, zikipita bila neno piga simu iliyoandikwa humo. Ikiwa CP05A, hapo wanataka ushahidi, peleka hati za mshahara au barua ya mwajiri kwa anwani iliyo kwenye barua, na kwa vyovyote usipeleke 1040-X badala yake. Ikiwa 5071C wanataka uthibitishe kwamba wewe ni wewe, fanya siku hiyohiyo kwa njia waliyotaja, na ujue baada ya hapo inaweza kuchukua hadi wiki 9. Ikiwa CP12 wamesahihisha hesabu yako wenyewe, kwa hiyo linganisha tarakimu zao na zako kabla ya kulalamika. Kila barua ina mlango wake, na hakuna hata moja kati ya hizi ambayo mlango wake ni 1040-X.

Ukiwa na bahati kama mimi, wakichelewa zaidi ya siku 45 tangu tarehe ya mwisho ya kutuma ritani, wanakulipa riba. Inakuja na mstari wa 776. Mimi niliipata, halafu mwaka uliofuata nikaambiwa riba nayo ni mapato, niitaje kwenye ritani. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Mengine uliyouliza wataalamu watakujibu, mimi hasira zimenimaliza. Ila huyo mjazaji hawezi kutuma 1040-X kwa mtandao bila sahihi yako kwenye fomu 8879. Kama ndiyo hiyo aliyokutumia, usiirudishe. Kama umeshairudisha, mwandikie sasa hivi, kwa maandishi na siyo kwa simu, kwamba umeondoa idhini na asitume kitu. Akikwambia ameshatuma, mwambie akuonyeshe uthibitisho kwamba imepokelewa, kisha chungulia kama 977 imetokea, urudi hapa utuambie.