Ankara za dola mwisho wa mwezi: kilichoniachia shilingi 116,000 zisizo na mwenyewe

Mwezi wa nne mwaka 2024 nilimpelekea mwajiri wangu orodha ya wadai wetu. Ni mfanyabiashara wa vigae hapa Mombasa, na karibu mzigo wake wote anaununua kwa dola. Akapitisha kidole kwenye orodha hadi kwa msambazaji mmoja, akaniuliza: "Mwanangu, hawa si tumewamaliza mwezi uliopita? Hii laki moja na elfu kumi na sita tunawadai ya nini?" Upande wa dola salio lilikuwa sifuri. Upande wa shilingi palikuwa na 116,000 ambazo hakuna mtu duniani aliyekuwa akidaiwa. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo nimeliona kwa wahasibu wenzangu mara nyingi. Ndiyo maana ninaandika.

Miezi ile shilingi ya Kenya ilikuwa ikiyumba sana. Mwezi wa kwanza dola ilifika kama shilingi 160. Mwezi wa pili serikali ikauza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili ilipe sehemu ya deni la bilioni 2 lililokuwa likiiva mwezi wa sita, na shilingi ikapanda haraka. Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu dola ilikuwa karibu na 132. Viwango ninavyotumia hapa chini nimevizungusha ili hesabu ifuatike.

Ankara ilikuwa ya dola 20,000, ya tarehe 8 Januari, kwa kiwango cha 158. Kwenye leja ikaingia kama deni la shilingi 3,160,000. Tarehe 31 Januari dola ilikuwa 160, kwa hiyo deni lilelile sasa lilitaka shilingi 3,200,000. Tofauti ya 40,000 ni hasara, lakini hatujalipa chochote bado, kwa hiyo ni hasara isiyotimia. Unaidebiti kwenye akaunti ya faida na hasara zisizotimia za fedha za kigeni. Krediti usiipeleke kwenye akaunti ya msambazaji mwenyewe. Ipeleke kwenye akaunti ya pembeni, mimi naiita marekebisho ya wadai, inayojumlishwa na wadai kwenye orodha yao na kwenye mizania. Hivyo kadi ya msambazaji inabaki na kiwango cha siku ya ankara, na ukija kulipa programu inajua ilianzia wapi.

Kisha inakuja hatua niliyoiruka: tarehe 1 Februari unaligeuza ingizo lote. Kilichodebitiwa kinakreditiwa, kilichokreditiwa kinadebitiwa, shilingi 40,000 zilezile. Mimi niliona ni kazi ya bure, kuandika usiku na kufuta asubuhi. Lakini ingizo la mwisho wa mwezi ni picha ya siku moja tu. Picha ya mwezi unaofuata inapigwa tena kuanzia 158.

Tazama hesabu inavyokwenda ukiligeuza. Tarehe 20 Februari tulilipa dola 8,000 kwa 144, yaani shilingi 1,152,000. Kwenye leja dola hizo zilikaa kwa shilingi 1,264,000. Faida iliyotimia ni 112,000. Zikabaki dola 12,000. Tarehe 29 Februari dola ni 145, kwa hiyo deni lililobaki ni shilingi 1,740,000, na leja inasema 1,896,000. Faida isiyotimia ni 156,000. Ukijumlisha na zile 40,000 zilizogeuzwa, Februari inapata faida ya 308,000. Ihakikishe kwa njia nyingine: tulianza mwezi tukidaiwa 3,200,000, tukalipa 1,152,000, tukabaki na 1,740,000. Tofauti ni 308,000 kamili.

Tarehe 1 Machi unageuza zile 156,000. Tarehe 25 Machi tukamalizia dola 12,000 kwa 132, shilingi 1,584,000. Faida iliyotimia ni 312,000, ukitoa 156,000 zilizogeuzwa, Machi inabaki na 156,000. Miezi mitatu kwa pamoja: hasara ya 40,000, faida ya 308,000, faida ya 156,000. Jumla 424,000. Na kweli, mzigo uliandikwa kwa 3,160,000 na pesa zilizotoka ni 2,736,000.

Mimi sikugeuza hata mara moja. Vitabu vyangu vikaonyesha faida ya 540,000, kwa kuwa ile 156,000 ilihesabiwa Februari ikahesabiwa tena ndani ya 312,000 za Machi, na hasara ya Januari ikabaki imening'inia. Tofauti ya 540,000 na 424,000 ndiyo zile 116,000 alizoziona mzee. Programu nyingi zina kisanduku cha kuweka tarehe ya kugeuza. Kiwekee alama wakati huohuo unapoandika ingizo, kabla simu haijalia.

Sasa kila mwezi kabla sijafunga vitabu ninafanya jaribio moja. Nachukua jumla ya dola zote zinazodaiwa, naizidisha kwa kiwango cha siku ya mwisho, kisha nalinganisha na wadai wa dola kwenye leja pamoja na akaunti ya marekebisho. Lazima zilingane hadi shilingi. Zikikataa, natafuta kwanza msambazaji mwenye dola sifuri na shilingi zisizo sifuri. Pili naangalia jedwali la viwango: mara nyingi kuna siku ambayo kiwango hakikuingizwa na programu imechukua cha zamani. Mimi hutumia kiwango cha kati cha Benki Kuu ya Kenya, mwezi hadi mwezi, bila kurukia cha benki yetu kinapopendeza zaidi. Machi ile ya 2024 tarehe 31 iliangukia Jumapili ya Pasaka na Ijumaa yake ilikuwa Ijumaa Kuu, kwa hiyo nilichukua kiwango cha Alhamisi tarehe 28.

Vigae vyenyewe usiviguse. Viliingia ghalani kwa 158 na gharama yao inabaki hapo hata dola ikishuka hadi 132. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu nambari 21 kinataka kutathmini upya vitu vya kifedha tu, yaani pesa na haki au wajibu wa kupokea au kulipa pesa. Vigae si pesa.

Malipo ya awali ndiyo yanayowachanganya wengi. Tukitaka mzigo mpya, msambazaji hudai asilimia 30 kabla hajaanza kuuandaa. Tulipotuma dola 5,000 kwa 155, ziliingia kama shilingi 775,000 na zikabaki hivyo kila mwisho wa mwezi, kwa sababu tunachongoja ni vigae, si dola kurudi. Mzigo ukifika, sehemu hiyo ya gharama inachukua 155 na sehemu iliyobaki inachukua kiwango cha siku mzigo unapoingia mikononi mwetu. Lakini agizo likifutwa na msambazaji akakubali kurudisha pesa, kuanzia hapo ni dola tunazomdai, na zinaingia kwenye hesabu ya mwisho wa mwezi kama nyingine zote. Kwa hiyo kabla ya kufunga nampigia mtu wa manunuzi kumuuliza kama kuna agizo lililovunjika, maana barua ya kufuta agizo humfikia yeye kwanza.

Akaunti ya zilizotimia na ya zisizotimia ziweke mbali kabisa. Hapa Kenya kifungu cha 4A cha sheria ya kodi ya mapato kinatoza faida ya fedha za kigeni mwaka inapotimia, kwa hiyo mwisho wa mwaka zile zisizotimia zinaondolewa kwenye hesabu ya kodi. Ukiwa umezichanganya, utakaa na ankara za miezi 12 ukizitenganisha moja moja.