Nani kasema maji haya ni ya mgongo?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi huku Kongwa. Tunaandaa bango la Kiswahili la kuwaelekeza ndugu wa wagonjwa kuhusu kipimo kinachofanywa kwa sindano mgongoni. Mimi nimeandika "maji ya uti wa mgongo", mwenzangu anasisitiza "ugiligili wa uti wa mgongo" ndiyo Kiswahili sanifu. Nani kati yetu yuko sahihi?*

Marahaba. Sarufi haitamshtaki yeyote kati yenu. "Ugiligili" ni neno sanifu, limo katika vitabu vya biolojia, na mwenzako hajakosea. Tatizo ni kwamba mama aliyetoka Mlali na mtoto mwenye homa akilisoma bangoni atadhani mnamweleza habari za giligilani ya kwenye mchuzi. "Maji" yanaeleweka na kila mtu, basi andikeni "maji".

Ugomvi wangu uko kwenye mkia, maneno ambayo nyote wawili mmeyapitisha bila kuyakagua: "ya uti wa mgongo". Uti ni ndugu wa mti, kitu kirefu kilichosimama, na hapo sina neno. (Vijana waliozoea kulalamika kuwa wana "yutiai" wasijihusishe, yao ni ya kwenye mkojo.) Neno ninalolikataa ni hilo dogo, "ya". Linapokaa kati ya maji na kitu kingine, sikio la Mswahili husikia asili: maji ya kisima, maji ya mto, maji ya dafu. Kwa hiyo anayesoma "maji ya uti wa mgongo" anaelewa kwamba uti una maji yake, umeyahifadhi, na ukinyang'anywa utakauka. Wakazi wa Majengo hapa mjini Dodoma wanachota bombani maji yaliyosukumwa kutoka visima vya Mzakwe, na sijasikia mtu akiyaita maji ya Majengo. Lakini maji haya ya kichwani tumeyapa jina la bomba.

Jina hilo limezaa sentensi ninayokutana nayo msibani, kwenye daladala na kwa kinyozi: "Walimkamua maji ya uti wa mgongo, akapooza." Wakati mwingine mwisho wake ni "akafa". Niruhusu niichambue polepole, kwa sababu wapo wazazi wanaokataa kipimo kwa ajili yake.

Tuanze na "kukamua". Kongwa mna ng'ombe wa kutosha kujua maana yake. Unakamua kitu hadi kiishe, kisha unasubiri kesho. Sasa tazama hesabu ya maji yenyewe. Mtu mzima ana takriban mililita 150 zinazozunguka ubongo na uti wa mgongo. Kwa siku nzima mwili wake hutengeneza karibu mililita 500, yaani yote hubadilishwa zaidi ya mara 3 kwa siku. Kwa saa moja ni kama mililita 20. Kipimo cha kawaida huchukua mililita chache tu, 5 au 10. Kabla ndugu hajamaliza kusimulia jinsi mgonjwa "alivyokamuliwa", mwili umekwisha kurudisha ulichopoteza. Kitenzi ni "kuchukua", na hata hicho ni kikubwa kidogo kwa kazi yenyewe.

Twende kwenye asili. Maji haya yanatengenezwa ndani ya ubongo, kwa sehemu kubwa. Humo mna vyumba vinne, na ndani yake vimo vishada vya vishipa vya damu vilivyofunikwa na tabaka la seli zinazochagua. Seli hizo husukuma chumvi kutoka kwenye damu kuingia vyumbani, na maji hufuata chumvi. Kutoka hapo yanatiririka chumba hadi chumba, yanatokea chini ya ubongo, yanauzunguka ubongo wote kwa nje na mengine yanashuka kuuzingira uti wa mgongo. Mwishowe mengi hurudi kwenye damu ya vena juu kichwani. Mgongoni yanapita tu.

Nawe kama muuguzi utaulizwa: kwa nini wasichukue damu mkononi wapime hiyo? Kwa sababu vishipa vya ubongo havifanani na vya mkononi. Seli za kuta zake zimeshonana bila upenyo, hata dawa nyingi na vijidudu vingi vinavyoogelea kwenye damu haviruhusiwi kupita. Seli za vile vishada nazo zimefungamana hivyo hivyo. Basi damu inaweza kuonekana safi huku upande wa pili wa kizuizi kuna vita, na inaweza kuwa chafu huku ubongo ukiwa salama. Ndiyo sababu pia homa ya uti wa mgongo, inayotafutwa kwa kipimo hiki, hutibiwa kwa dawa nyingi kupitia mshipani, si kwa vidonge vilivyobaki kabatini.

Nimebakiza "akapooza", na hapa ndipo lugha inapotenda dhambi kimyakimya. Hiyo "-ka-" kazi yake ni kupanga matukio: alikwenda, akala, akalala. Haisemi kwamba chakula ndicho kilichomlaza. Lakini msikilizaji akipewa matukio mawili yaliyofuatana, anayafunga kamba mwenyewe: la kwanza limeleta la pili. Katika masimulizi mengi ya namna hii kuna tukio la tatu lililoachwa nje ya sentensi, nalo ndilo la kwanza kabisa: mgonjwa alikaa nyumbani siku kadhaa na kichwa kinachopasuka, shingo imekaza, mwanga haupendi, maneno yameanza kuchanganyika, ndipo akafikishwa hospitali. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kula. Sindano ilifika mwishoni, ikabeba lawama ya wote.

Sindano yenyewe haifiki palipo na uti. Kwa mtu mzima uti wa mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu, huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano, ambapo kuna maji na nyuzi za fahamu zinazoelea. Kwa mtoto mchanga uti hushuka zaidi kidogo, ndiyo maana kwake huchaguliwa nafasi ya chini zaidi. Yaani hata kama jina lingekuwa la mahali pa kuchotea, lingekuwa la uongo: hawachukui kwenye uti.

Sasa mfano ambao unaivunja ile sentensi kabisa. Chukua mgonjwa mwenye virusi vya ukimwi ambaye kinga imeshuka, akapata homa ya utando wa ubongo inayosababishwa na kuvu aitwaye kriptokokasi. Kuvu huyo anaziba mahali maji yanaporudi kwenye damu. Vile vishada havina habari, vinaendelea kutengeneza mililita 20 kila saa, na fuvu ni mfupa, halitanuki. Sindano ikiingia, kipimo cha msukumo kinapanda hadi sentimita 36 za maji, wakati kwa kawaida mtu mzima aliyelala ubavu huwa kati ya 10 na 20 hivi.

Hatari ya namba hiyo iko kwenye damu. Kwa mtu mzima mwenye afya ubongo hupata damu kiasi cha mililita 750 kwa dakika, na kiasi hicho hakiyumbi sana hata presha ya wastani ikishuka kuelekea 60 au kupanda kuelekea 150, kwa sababu mishipa yake hujitanua na kujibana yenyewe. Lakini damu inayoingia kichwani inapaswa kuushinda msukumo uliomo humo. Sentimita 36 za maji ni kama milimita 26 za zebaki. Kama presha ya wastani ya mgonjwa wetu ni 85, kinachobaki cha kusukumia damu ni 59. Mishipa imeshatanuka karibu na ukomo wake, na kule kutanuka kwenyewe kunaongeza damu ndani ya fuvu lilelile lililojaa. Ndipo macho yanaanza kuona giza, masikio yanaziba, fahamu zinapotea.

Daktari anafanya nini? Anachukua maji mengi zaidi kuliko ya kipimo, mililita 25 hivi, hadi msukumo ushuke kufikia sentimita 18. Hiyo ni milimita 13 za zebaki, na sasa damu imeachiwa 72. Kichwa kinapungua kuuma pale pale kitandani. Baada ya saa moja na robo zile mililita 25 zimerudi, kwa hiyo msukumo ukipanda tena kesho yake atachukua tena, na keshokutwa, hadi dawa ya kuvu ifungue njia. Huyu ndiye "amekamuliwa" kuliko wote wodini, na ndiye ambaye kumnyima sindano kungemuua. Wala si uvumbuzi wa juzi: Heinrich Quincke wa Kiel, Ujerumani, alipoeleza njia hii mwaka 1891, alikuwa akiitumia kupunguza msukumo kwa watoto waliojaa maji kichwani.

Sisemi sindano haina lake. Baadhi ya watu huumwa kichwa kwa siku kadhaa, hasa wakikaa au kusimama, kwa kuwa maji huvuja kidogo kupitia tundu; sindano nyembamba hupunguza hilo. Na wapo wasiopaswa kuchomwa mpaka kichwa kipigwe picha, kama mwenye udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kwa sababu uvimbe ukiwapo, kupunguza msukumo chini kunaweza kuushusha ubongo. Pia damu isiyoganda vizuri ni kizuizi. Hayo ni maswali halali ya ndugu, na bango lenu lingeyajibu vizuri kuliko kubishana kuhusu ugiligili.

Hukumu, basi. Andikeni: "Tunachukua maji kidogo ya ubongo kupitia mgongoni. Mwili hutengeneza mengine ndani ya saa moja." Hapo "ya" inataja yanakotoka, na "mgongoni" inataja tunapochotea. Kwenye fomu za maabara acheni lile jina refu, wataalamu wanaelewana. Hata "homa ya uti wa mgongo" nimechoka kupigana nayo. Inampeleka mtu kupapasa kiuno wakati ugonjwa uko kwenye utando unaofunika ubongo na uti kwa pamoja, na kwa mtoto mchanga ni afadhali atazame utosi kama umevimba. Lakini imekaa vinywani mwa watu na kwenye matangazo yote, nami sina nguvu za kuing'oa. "Kukamua" ndiyo siiruhusu. Mkiisikia wodini, msahihisheni aliyeitamka kabla hajafika kwa kinyozi.