Vioo vya A51: neno "OG" halimtoshi fundi

Vijana wa kaunta, kila kundi jipya likiingia dukani orodha inarudi vilevile: "Kioo A51 OG," "Kioo A51 kopi," bei mbili, basi. Fundi wa Singida akiagiza kwa maneno hayo anacheza bahati nasibu na hela ya mteja wake. Naichukua Galaxy A51 kwa sababu ndiyo inayowaumbua zaidi.

1. Anza na namba ya modeli. Andika SM-A515F, usiishie "A51", kwa sababu A51 ya 5G ni SM-A516 na vioo vyake havibadilishani.

2. Taja paneli yenyewe. Hapa ndipo mnapowaumiza mafundi, kwa hiyo nitakaa kidogo. A51 ilitoka kiwandani na AMOLED, na kihisi cha alama ya kidole kipo chini ya kioo. Ukigusa, pikseli zinamulika kidole, mwanga unarudi kupitia nafasi zilizo kati ya pikseli, kihisi kinasoma. Kioo cha TFT, yaani LCD, kina taa yake nyuma pamoja na karatasi za kuakisi mwanga, kwa hiyo hakuna mwanga unaopita kwenda kwenye kihisi. Hakuna mpangilio wala apudeti itakayokirudisha.

Sasa fuatilia oda moja. Umeandika "kopi kali", ndani ni TFT. Fundi anapokea mzigo kutoka kwenye basi, anabandika, picha inawaka vizuri, mteja anaondoka. Jioni mteja anarudi: kidole hakisomi, na kioo kimenyanyuka kidogo juu ya fremu kwa sababu TFT ni nene kuliko AMOLED. Fundi anajaribu kukikandamiza kikae, kinapasuka kona. Kioo hakirudi kwako wala kwa mteja, hasara ni ya fundi. Na yote hayo yangezuiwa na maneno manne kwenye orodha: "TFT, kidole hakifanyi kazi." TFT si kitu cha kuficha. Yupo mteja anayetaka simu iwake tu kwa bei ndogo, na fundi atainunua kwa amani akijua anachonunua.

Msibebe kanuni hii kichwakichwa hadi kwenye simu nyingine. Galaxy A12 ilitoka kiwandani na LCD, kwa hiyo huko LCD ndiyo orijino.

3. Hakikisha mwenyewe kabla ya kuandika. Lebo ya boksi haitoshi. Unganisha kioo, fungua picha nyeusi tupu, zima taa za chumba. AMOLED inazimika kabisa, TFT inabaki na ukungu wa kijivu. Ukiwa bado na shaka, weka picha nyeupe na uangalie kwa kioo cha kukuzia: TFT ina mistari ya nyekundu, kijani na bluu iliyopangwa sawasawa, AMOLED ya Samsung ina vidoa vya kijani vingi kuliko vyekundu na vingi kuliko vya bluu.

4. Hata OLED si moja. Sevisi paki ni kioo kipya cha Samsung, huja na fremu yake, na namba ya kipuri huanza na GH82. Kioo kilichofufuliwa ni paneli ya kiwandani iliyobadilishwa kioo cha juu. Hicho ni kizuri, ila kikague pembeni kama kuna mapovu au vumbi ndani ya gundi, kisha weka picha ya kijivu utafute kivuli cha kibodi au cha alama za juu kilichoungua kwenye paneli. Kikiwepo, kiandike na ushushe bei. OLED ya kopi nayo mara nyingi huja na picha ndogo na kingo nyeusi nene. Andika "picha ndogo", maana mteja anayeijua simu yake ataliona hilo kabla hajatoka mlangoni.

Mstari wa orodha usomeke hivi: "Galaxy A51 SM-A515F. AMOLED ya kiwandani, kioo cha juu kimebadilishwa. Bila fremu. Picha saizi kamili. Kidole kinafanya kazi. Hakuna kivuli kwenye kijivu." Fundi akisoma hapo hana sababu ya kukupigia simu kuuliza.

5. Masharti ya kurudisha yakae chini ya mstari huohuo. Fundi atoe betri kwenye konekta, achomeke kioo bila gundi na bila kuvua filamu, arudishe betri, awashe, kisha apige *#0*# na apitie rangi zote na tachi hadi kona. Fleksi ya OLED isikunjwe kwa nguvu wakati wa jaribio, ikikatika paneli imekwenda. Filamu ikishavuliwa au gundi ikishapakwa, hakirudi. Na kabla ya kulalamika kuhusu kidole, afute alama za zamani asajili upya, kwa sababu zile zilisomwa kupitia kioo kilichotolewa.