Boti za Shela zinazalisha au zinakula?
"Kitengo chetu cha boti kimebaki na 2,400,000 baada ya kodi. Mtaji mwanzo wa mwaka 20,000,000, gharama yake asilimia 15, matangazo tumelipa 600,000. Mbona mhasibu asema tumepoteza?"

Ndugu yangu, matangazo hayo yakileta wageni miaka 3, mwaka huu ubebe 200,000 tu. Rudisha 400,000, faida iwe 2,800,000. Waliotoa mtaji wadai asilimia 15 ya 20,000,000, yaani 3,000,000, kwa hiyo pengo ni 200,000; mhasibu yuko sawa. Mwakani hizo 400,000 ziingie kwenye mtaji.

Akitokea wa kusema mtoe pia riba ya benki, amekosea: gharama ya mtaji imeshaibeba. Hakikisha faida yenu haijakatwa riba.

Lakini hiyo 15 mliipataje? Ikiwa 13, kitengo kina ziada ya 200,000.