Maswali na Majibu ya Hisabati: Ncha za Grafu ya Polinomia na Namna ya Kuichora

Mwalimu, shikamoo. Programu ya kuchorea grafu kwenye simu yangu inaonyesha y = x³ − 100x² ikishuka kulia na kushoto, lakini darasani tumeambiwa kwamba digrii witiri haiwezi kufanya hivyo. Nani amekosea?
*Mwanafunzi wa Kidato cha Tano, Kondoa*

Marahaba. Hakuna aliyekosea, ila simu imekuonyesha kipande kidogo tu cha grafu. Programu za aina hiyo kwa kawaida hufunguka zikiwa na x kati ya −10 na 10 au karibu na hapo, na ndani ya eneo hilo neno lenye nguvu ni −100x². Jaribu x = 10: x³ ni 1,000 ilhali 100x² ni 10,000, kwa hiyo y ni −9,000. Ukiweka −10 utapata −11,000. Mtu akiona pande zote mbili zimezama kiasi hicho, na katikati grafu imegusa sifuri, ni haki yake kudhani kwamba anatazama parabola iliyopinduliwa.

Sasa sogea mbele zaidi. Katika x = 100 maneno yote mawili yanalingana na y inarudi kuwa sifuri; katika x = 1,000, x³ ni bilioni moja ilhali 100x² ni milioni 100 tu, hivyo y ni milioni 900. Sababu utaiona ukitoa x³ nje ya mabano na kuandika x³(1 − 100/x). Kadiri x inavyokwenda mbali na sifuri, iwe kulia au kushoto, ndivyo 100/x inavyopungua, na kilichomo ndani ya mabano kinakaribia 1, kikiliacha neno lenye kipeo kikubwa, ambalo hapa nitaliita neno kuu, liamue peke yake. Zingatia kwamba neno hilo linatawala kwenye ncha tu. Katikati linaweza kushindwa na neno dogo lenye kizidishi kikubwa, kama ulivyoona.

Ukitaka simu ikubaliane na mwalimu wako, weka x kuanzia −50 hadi 150 ili mizizi yote, yaani 0 na 100, iwe ndani, na y kuanzia −400,000 hadi 1,200,000. Usipopanua y, mstari utatoka nje ya kioo na utabaki huoni kitu.

Kuna hali nne za ncha, nami huzichanganya kila mtihani. Je, kuna njia ya kutozikariri?
*Mwanafunzi, Mpwapwa*

Ipo. Anza na ncha ya kulia, ambako x ni chanya na ikipandishwa kwa kipeo chochote inabaki chanya, kwa hiyo alama ya kizidishi cha neno kuu ndiyo inayoamua: kikiwa chanya ncha inapanda, kikiwa hasi inashuka. Kisha uliza kuhusu digrii. Ikiwa shufwa, namba hasi iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe mara shufwa inatoa chanya, hivyo ncha ya kushoto inafanana na ya kulia. Ikiwa witiri, alama inabaki hasi na ncha ya kushoto inakwenda kinyume na ya kulia. Maswali hayo mawili, kwa mpangilio huo, yanatosha.

Nilipewa f(x) = ½(x + 2)(x − 1)²(3 − x) nichore bila jedwali refu la thamani. Nilisema digrii ni 4 na ½ ni chanya, hivyo ncha zote mbili zinapanda. Nimekoseshwa na sijui kwa nini.
*Msomaji, Dodoma Mjini*

Digrii umeipata sawasawa: kigawo cha kwanza kinatoa x moja, cha pili kinatoa mbili kwa sababu ya kipeo chake, cha tatu kinatoa moja, jumla 4. Kosa limejificha katika (3 − x), kwa kuwa x ya hapo ina alama hasi. Kabla ya kusema lolote kuhusu ncha, chukua x ya kila kigawo pamoja na alama yake na uzizidishe: ½ · x · x² · (−x) = −½x⁴. Kizidishi ni hasi na digrii ni shufwa, hivyo ncha zote mbili zinashuka. Mimi hupendelea kuandika upya kigawo cha namna hiyo kuwa −(x − 3) mara tu ninapokiona, ili alama hasi ikae mbele mahali inapoonekana.

Baada ya hapo weka mizizi kwenye mhimili wa x: −2, 1 na 3. Ongeza mahali grafu inapokata mhimili wa y kwa kuweka x = 0, yaani ½ · 2 · 1 · 3 = 3. Sasa chora ukitokea kulia. Ncha ya kulia iko chini, kwa hiyo grafu inapanda kutoka chini hadi kwenye 3. Kigawo cha hapo kina kipeo 1, ambacho ni witiri, kwa hiyo kinabadili alama yake x inapopita 3, nayo grafu inavuka kwenda juu ya mhimili. Kati ya 3 na 1 iko juu; hakikisha kwa f(2) = ½ · 4 · 1 · 1 = 2. Ifikapo 1 inakutana na (x − 1)², ambayo haiwi hasi upande wowote, hivyo grafu inashuka, inagusa mhimili na kurudi juu bila kuvuka. Inapita kwenye 3 ya mhimili wa y, inapanda hadi kilele, inashuka, inavuka kwenye −2 na kuzama kushoto. Ncha ya kushoto imeelekea chini, kama neno kuu lilivyosema mwanzoni. Makubaliano hayo ndiyo kipimo chako: ikiwa safari yako imekufikisha kushoto ukiwa juu, basi umevuka mahali pa kugusa, au umegusa mahali pa kuvuka, au umekosea alama ya neno kuu.

Liko jambo moja ambalo wengi huliacha, nalo ndilo linalofanya mchoro uonekane umechorwa na mtu anayejua. Grafu haivuki kila mzizi kwa mwinuko uleule. Kuujua mwinuko wa karibu na mzizi, weka thamani ya mzizi huo katika vigawo vingine vyote na uache kile kinachohusika kama kilivyo. Karibu na −2, (x − 1)² ni kama 9 na (3 − x) ni kama 5, hivyo f inafanana na ½ · 9 · 5 · (x + 2), yaani 22.5(x + 2), ambao ni mstari wenye mwinuko mkali sana. Karibu na 3 inafanana na ½ · 5 · 4 · (3 − x), yaani 10(3 − x), mstari unaoteremka kwa ukali usiofika nusu ya ule wa kwanza. Karibu na 1 inafanana na ½ · 3 · 2 · (x − 1)², yaani 3(x − 1)², parabola ndogo inayotazama juu. Laiti kipeo cha hapo kingekuwa 3, grafu ingevuka, lakini ingelala kidogo juu ya mhimili kabla ya kuendelea.

Wanafunzi wangu huweka kilele katikati kabisa ya mizizi miwili, kama wanavyofanya kwenye parabola. Niwaoneshe nini ili waelewe kwamba si lazima iwe hivyo?
*Mwalimu, Kongwa*

Tumia grafu hiyohiyo ya msomaji aliyetangulia, katika sehemu iliyo kati ya −2 na 1. Katikati ya mizizi hiyo ni −0.5, na f(−0.5) = ½ · 1.5 · 2.25 · 3.5, karibu 5.9. Wakishaiandika, waambie wapime f(−1) = ½ · 1 · 4 · 4 = 8. Kilele kimesogea upande wa −2, na sababu wanaweza kuieleza wenyewe: kwenye −2 grafu inainuka haraka kwa kuwa kipeo ni 1, ilhali kwenye 1 kipeo 2 kinaibana karibu na mhimili kwa umbali mrefu zaidi. Ulinganifu wa parabola unatokana na vigawo viwili vya kipeo kilekile visivyo na kigawo cha tatu cha kuvivuta.

Waliokwisha kujifunza kutafuta mwinuko kwa kalkulasi watapata kilele hicho kwenye x karibu −1.15, kimo chake kikiwa karibu 8.15, na kilele cha pili kwenye x karibu 2.4 chenye kimo karibu 2.6. Kwa wengine, nukta moja ya majaribio kila upande wa katikati inatosha, na ningeshauri asinyimwe alama mwanafunzi aliyechora kilele kwenye −1. Mchoro wa namna hii unadai mizizi sahihi, mivuko na miguso sahihi, ncha sahihi na y ya sifuri; kimo kamili cha vilele ni kazi nyingine.

Kigawo kama x² + 4 kinawekwa wapi kwenye grafu?
*Mwanafunzi, Manyoni*

Hakiwekwi popote kwenye mhimili wa x, kwa sababu x² + 4 haishuki chini ya 4. Hata hivyo kinahesabiwa kwenye digrii: (x² + 4)(x − 1) ni ya digrii 3 ingawa inavuka mara moja tu, na anayehesabu mizizi badala ya vipeo ataisoma kuwa ya digrii 1.

Nimelinganisha mvua ya kila mwezi ya Dodoma na polinomia ya digrii 4, nikihesabu miezi kuanzia Julai kuwa 1. Ndani ya mwaka inakaa vizuri, lakini mwezi wa 14 umenipa mvua hasi. Nimekosea hesabu?
*Mwanachuo, Dodoma*

Huenda hesabu yako ni sahihi kabisa. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na ulipoanza kuhesabu Julai uliuweka katikati ya mchoro, ukavu ukawa pande zote mbili. Kizidishi cha x⁴ kikitoka hasi, ncha zote mbili hazina budi kushuka bila kikomo, na mwezi wa 14, ambao ni Agosti ya mwaka unaofuata, tayari uko kwenye ncha ya kulia. Ungeanza kuhesabu Januari, ukavu ungekuwa katikati na mvua kwenye kingo, kizidishi hicho kingeweza kutoka chanya, nawe ungetabiriwa mvua inayoongezeka daima. Kwa hiyo alama hiyo inategemea mwezi uliouita wa kwanza. Itumie polinomia yako kati ya mwezi wa 1 na wa 12 tu. Kwa miaka inayofuatana unahitaji fomula inayojirudia kila miezi 12, kama ile ya sini, ambayo haina ncha za kukimbia juu wala chini.